Ukumbi mkubwa, chumba kidogo au kicheko cha kubandika: kipi kitaifaa komedi yako?

Mwezi wa sita mwaka jana, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, kijana mmoja wa Uyole alinipigia simu. "Shikamoo kaka. Nimepata ukumbi wa viti 300, nataka uje unirekodie." Nikamwitikia, nikamwuliza anategemea watu wangapi. "Wakija 50 nashukuru Mungu." Nikamwambia kwa watu 50 bora atafute sebule ya shangazi yake. Akacheka, akajua namtania. Sikuwa namtania.

Kazi yangu ni sauti. Nafunga spika kwenye harusi, sendofu na mikutano ya injili, na miaka hii ya karibuni wamekuja vijana wanaorekodi vichekesho vya kurusha mtandaoni. Karibu wote wana swali lilelile: kicheko tukitoe wapi? Njia ziko nne. Unaweza kukodi ukumbi mkubwa, kujaza chumba kidogo, kubandika kicheko wakati wa kuhariri, au kuacha kimya na mtazamaji acheke mwenyewe akitaka. Nitazilinganisha kwa panchi moja ya huyu kijana, kwa sababu tuliipitisha kwenye njia zote nne bila kubadilisha neno.

Panchi yenyewe ni hii. Daladala imetoka Mbalizi, imejaa mpaka mlango umefungwa kwa mkanda wa suruali. Inafika Iyunga, konda anatoa kichwa dirishani: "Mwanjelwa, Mwanjelwa, nafasi ya mmoja!" Abiria wanaangaliana, hawaioni hiyo nafasi. Konda anamgeukia dereva: "Suka, kwani wewe unashukia wapi?"

Kicheko kinamfuata mtu, si utani

Kabla ya kuchagua, inabidi ujue unanunua nini. Wengi tunadhani utani ukiwa mzuri watu hucheka, ukiwa mbaya hunyamaza, basi. Marehemu Robert Provine, mtaalamu wa saikolojia na ubongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, huko Marekani, alifanya jambo rahisi ambalo wengine hawakulifikiria: yeye na wanafunzi wake walienda mahali watu wanapokusanyika, wakasikiliza mazungumzo na kuandika kila neno lililofuatiwa na kicheko. Walikusanya matukio 1,200. Maneno yaliyofanana walau kidogo na utani yalikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Mengine yote yalikuwa maneno ya kawaida, ya aina ya "ulikuwa wapi siku zote?" na "haya, mimi naondoka". Tena aliyekuwa akisema ndiye aliyecheka zaidi kuliko aliyekuwa akisikiliza.

Kaa nusu saa kijiwe cha bajaji pale Kabwe utayaona hayohayo. "Mambo vipi mzee?" "Aah, tunasukuma tu." Wote wanacheka. Hakuna kilichochekesha hapo. Kicheko kimefanya kazi ya mkono wa salamu.

Provine alipowapa watu madaftari waandike kila wanapocheka, aliona mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake bila redio, televisheni wala kitabu. Hii ndiyo hesabu ninayowapa vijana kwanza, kwa sababu mtazamaji wao yuko kitandani, simu mkononi, earphone masikioni. Yuko upande mbaya wa hesabu hiyo.

Na kwa nini kicheko cha mwingine kinakuvuta? Watafiti wa London waliwasikilizisha watu sauti mbalimbali huku wakipiga picha za ubongo, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Mtu akisikia kicheko, sehemu ya ubongo inayoandaa misuli ya uso inaamka kabla hajaamua lolote. Sauti zisizopendeza, kama za hofu au kichefuchefu, ziliiamsha pia lakini kwa nguvu ndogo. Yaani mdomo wako uko tayari nusu, kilichobaki ni kisingizio. Panchi ndiyo kisingizio.

Hapa kuna mtu atanitajia Kashasha. Ni kweli, tarehe 30 Januari 1962 kicheko kilianza katika shule ya wasichana ya Kashasha, kule Bukoba, kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi wa tatu. Lakini madaktari walioandika habari ile walieleza watoto waliocheka na kulia kwa zamu, wenye hofu na wasiotulia, na walimu hawakuguswa. Lile lilikuwa tatizo la msongo lililotoka kwa sura ya kicheko. Kwa anayepanga kurekodi komedi, tukio lile lina funzo moja dogo tu: maambukizi yalipita kwa watu wa rika moja na maisha mamoja, yakawaruka watu wazima waliokuwa humohumo ndani. Hili la "watu wa aina moja" tutalirudia.

Ukumbi mkubwa dhidi ya chumba kidogo

Jumamosi ya kwanza tulienda kwenye ukumbi wake. Dari juu kama godauni, bati tupu, viti 300 vya plastiki. Walikuja watu 45, kila kundi likachagua kona yake, na kwa ile baridi wote walikaa na makoti, mikono imefumbatwa kifuani. Panchi ya daladala ilipofika, nilisikia kwenye headphone watu kama sita wakicheka, watatu mbele kushoto na wengine huku na huku. Kila kicheko kilipanda batini na kufia huko peke yake. Wengine walitabasamu. Tabasamu halina sauti, na kisicho na sauti hakimwambukizi wa jirani, kwa sababu jirani anatazama jukwaa, hakutazami wewe.

Jumamosi ya pili tulichukua chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja Soweto. Viti 30, watu 34, wanne wamekaa kwenye makreti ya soda. Dari unaweza kuigusa. Tulizima taa zote isipokuwa moja inayomwangaza mchekeshaji. Panchi ileile, maneno yaleyale. Kicheko kilidumu sekunde 7 kwa saa ya mashine yangu ya kuchanganya sauti, na kilikuwa na mawimbi mawili: kwanza waliocheka utani, halafu waliocheka kwa sababu mama mmoja wa mstari wa pili alikuwa anapiga paja la mumewe na kusema "unashukia wapi!"

Watu walipungua kutoka 45 hadi 34, kicheko kikaongezeka. Kinachofanya kazi kumbe ni kubanana. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Freedman na Perlick, walilijaribu jambo hilo kwa makusudi. Waliweka watu kwenye nafasi ya kubana au ya kuachia, na kati yao wakapandikiza mmoja wa kwao aliyecheka kwa maagizo. Kicheko cha yule mtu wa kupandikizwa kiliwavuta wenzake zaidi walipokuwa wamebanana.

Idadi nayo ina nafasi yake, nisiseme haina. Katika chumba cha watu 8, kila mmoja anajiona anatazamwa, na akicheka peke yake ataona aibu. Wakifika 25 au 30 katika chumba kinachowatosha kwa shida, mtu anajificha ndani ya sauti ya wenzake. Kutoka hapo kuendelea, watu 300 kwenye ukumbi wa 300 watakupa kicheko kinene kuliko cha 30, lakini pia kinachelewa: kinaanzia mbele, kinarudi nyuma, mchekeshaji asiyezoea anaanza sentensi inayofuata juu yake na kuiua. Kanuni ya jukwaani ni kungoja kicheko kifike kilele, kianze kushuka, ndipo uingie kabla hakijaisha kabisa. Ukingoja kimya kirudi, umeanza upya kupanda mlima.

Sasa, je, watu wa chumba kidogo waliona panchi ni nzuri zaidi, au walicheka tu zaidi? Hivi ni vitu viwili. Tafiti nyingi za hadhira zimeonyesha kwamba ukiwa na wenzako kicheko hupanda kwa urahisi, lakini mtu akiulizwa pembeni autolee utani alama, alama hazipandi kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana mchekeshaji hudanganyika na usiku mmoja mzuri. Mimi nilimwambia kijana: usihesabu sekunde 7 kama sifa zako zote, nyingine ni za makreti.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, kama huna uhakika wa kujaza, chumba kidogo kinashinda bila ubishi. Na kama umeshalipia ukumbi mkubwa na watu wamekuja wachache, dawa ipo: kabla hawajaingia ondoa viti vyote vya nyuma, panga mistari mitano mbele magoti yakigusana na mgongo wa kiti kinachofuata, zima taa za nyuma. Kufunga mistari ya nyuma kwa kamba hakusaidii sana. Watu wataiinua kamba, nimeona.

Kicheko cha kubandika

Njia hii ndiyo inayowavutia wengi, kwani ni ya bure. Ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Karne ya 19 kumbi za Paris zilikuwa na watu wa kukodi wa kupiga makofi, na miongoni mwao walikuwamo waliolipwa kucheka tu. Televisheni ya Marekani ilianza kuweka kicheko cha kanda mwaka 1950, na muda si mrefu fundi sauti Charley Douglass akaunda mashine yenye vitufe kama vya taipureta, kila kitufe na vicheko vyake: cha chinichini, cha kupasuka, cha mtu mmoja aliyechelewa kuelewa. Aliitunza kama siri, asitake watu waone ndani.

Je, kinafanya kazi? Kinafanya, kwa kiasi. Mwaka 2019 timu ya Sophie Scott wa Chuo Kikuu cha London walichukua vichekesho 40 vya zile aina ambazo akina baba huwatania watoto wao, vya kukufanya ugune, wakavibandika vicheko na kuwapa watu 72 watoe alama. Kicheko chochote kilipandisha alama. Kicheko cha kweli, kilichomtoka mtu bila kupenda, kilipandisha zaidi kuliko kile cha kuigiza.

Hapo pana jambo kubwa kwa sisi wa huku. Vicheko vya bure vya mtandaoni ni vya studio za Wamarekani. Havina "weee!", havina mtu anayepiga makofi mara moja na kuinuka, havina mguu unaogonga sakafu. Nilikibandika kimoja kwenye panchi ya daladala, nikamtumia mdogo wangu wa kike aliyeko Kihesa, Iringa, ambaye hamjui kijana wala hakujua naandaa nini. Akajibu kwa sauti: "Kaka, hao wanaocheka wamewahi kupanda daladala?" Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Maana amegusa penyewe. Wanafunzi wa chuo kimoja Australia, katika utafiti wa mwaka 2005, walisikilizishwa mchekeshaji mmoja na kicheko kilekile. Walioambiwa hadhira ni wanafunzi wenzao walicheka zaidi na kumpa alama nzuri. Walioambiwa hadhira ni watu wa kundi lingine, kicheko kilekile hakikuwavuta. Sikio linauliza kwanza: hawa ni wa kwetu?

Kasoro ya pili ni kurudia. Provine aliwapigia wanafunzi kifaa cha kicheko kitupu, sekunde 18 bila utani wowote, kisha kimya, kisha tena, mara 10. Mara ya kwanza karibu nusu yao walicheka. Mara ya kumi walicheka 3 tu kati ya 128, na wengi wakasema kinaudhi. Video ya dakika nne yenye kicheko kilekile mara 12 inapita njia hiyohiyo, na mtazamaji hatakuambia, atapandisha kidole tu na kukupita.

Ukiamua kubandika hata hivyo, bandika vicheko vyako. Usiku ule wa Soweto niliacha maiki mbili zinatazama watu, si jukwaa, nikapata vicheko kama 20 tofauti, vikubwa na vidogo. Kisha angalia mambo matatu. Kicheko kiingie mwisho wa sentensi, maana katika mazungumzo ya kawaida watu hawakati sentensi katikati kwa kucheka, na sikio linalijua hilo hata kama mwenye sikio halijui. Kisianze wote kwa pamoja kama bomba limefunguliwa: tanguliza sauti moja au mbili, wengine wafuate. Na chini ya video nzima laza ule uvumi wa chumba, wa watu wakipumua na viti vikilia. Usipoulaza, kila kicheko kitatokea kwenye utupu na kutoweka kwenye utupu, na hapo hata mtoto anajua kimebandikwa. Kwa sauti, mimi hukiweka desibeli 8 hadi 12 chini ya msemaji. Kikipanda juu ya hapo kinaonekana kinaomba.

Kitu kimoja zaidi: usibandike kicheko cha sekunde 7 kwa mtu aliye peke yake. Chumbani sekunde 7 zilikuwa raha kwa sababu sote tulikuwa ndani ya kicheko. Kwenye simu ni kusubiri. Nilikikata hadi 3, nikabakisha lile wimbi la kwanza na ile "unashukia wapi!" ya mama. Mdogo wangu akajibu kwa emoji tano, na kwa kipimo chake hizo ni nyingi.

Kimya

Kuacha kimya si uvivu, lakini kuna kosa moja ambalo karibu kila anayejaribu hulifanya. Anachukua video iliyorekodiwa mbele ya watu na kufuta vicheko. Yanabaki mashimo: mchekeshaji amesema panchi, amesimama, anatazama pembeni, anangoja watu ambao hatuwasikii. Panchi inaonekana imekufa kumbe ameinyonga mhariri.

Kimya kinataka kiandikwe upya. Tulirudia daladala ndani ya gari lenyewe, limeegeshwa, bila hadhira. Baada ya "unashukia wapi?" hakukuwa na kusubiri. Kamera iligeuka kwa dereva, dereva akamtazama konda, akafungua mlango, akashuka. Kile kitendo cha kushuka ndicho kilichokaa mahali pa kicheko. Mfano mkubwa wa uamuzi wa namna hii ni ule wa M*A*S*H, tamthilia ya Marekani ya madaktari vitani: kituo cha CBS kilitaka kicheko, watayarishaji wakakubaliana nacho isipokuwa ndani ya chumba cha upasuaji, na BBC walipoionyesha Uingereza waliondoa kicheko. Hadithi iliyoandikwa ikiwa na uzito wake yenyewe ilisimama bila kushikiliwa.

Kimya kinafaa kichekesho cha kuonekana: uso, kitendo, kitu kinachoanguka. Hakifai sana mtu anayesimama na maiki kusimulia, maana huyo bila watu anafanana na anayezungumza peke yake stendi.

Nilichomshauri

Kwa kijana wa Uyole, ambaye anasimulia akiwa amesimama na ana watazamaji wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa, nilichagua chumba kidogo kilichojaa, kicheko chake mwenyewe kilichopunguzwa. Ukumbi wa 300 nilimwambia ausubiri mpaka chumba kimshinde mara tatu mfululizo, watu wasimame nje. Kubandika nimemruhusu kwa kuziba tu, pale maiki ilipokosa kicheko ambacho kweli kilikuwepo. Kile cha ndani ya gari kimebaki kimya.

Na sharti moja nililomwekea ni kuhusu yule mama wa mstari wa pili. Anauza chipsi jirani na ule mgahawa, hakuwa amepangwa na mtu, alikuja kwa sababu mumewe alitaka. Sasa tunamwekea kiti palepale katikati, mstari wa pili, na soda mbili mezani. Wiki iliyopita kijana alimpelekea mwaliko wa kipindi kinachofuata. Akaupokea, akausoma, akauliza Paris wale walikuwa wanalipwa shilingi ngapi. Sijui nani alimwambia.